Naomba ushauri: kamisheni ya ngazi mbili na mauzo yaliyorudishwa

Habari zenu wakuu. Wauzaji wetu wanalipwa 5% hadi lengo la 1,000,000 kwa mwezi, na 8% kwa kiasi kinachozidi lengo tu. Kwenye Excel natumia fomula hii:

```
=B2*5%+MAX(0,B2-1000000)*3%
```

Mauzo ya 1,010,000 yanaleta 50,800, na hiyo ni sahihi.

Ninapokwama ni bidhaa zikirudishwa mwezi unaofuata. Muuzaji mwenye mauzo hayo ya 1,010,000 amerudishiwa mzigo wa 30,000. Nikikata kwa 5% ni 1,500, kwa 8% ni 2,400. Nikikokotoa upya mwezi wa mauzo (980,000), tofauti ni 1,800, na kwangu hii ndiyo haki.

Je, nyinyi mnarudi kwenye mwezi wa mauzo, au mnapunguza mauzo ya mwezi wa marejesho? Makubaliano ya maandishi yasemeje ili asionewe mtu?