Mrejesho: barua za kazi za ami

Niliuliza: "Ami ameitwa kikao cha nidhamu, barua ni ya Kiingereza, namtafsiria vipi asipoteze haki zake?"

Haya nimerudi. Barua ilisema 9.00 a.m., mimi nikaandika saa 9.00 na ami angefika alasiri watu washamaliza, bahati alinipigia simu kuuliza, nikarekebisha saa tatu asubuhi. Pia nilikuwa nimeweka "uje na shahidi", kumbe kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinampa haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kazini anayemchagua mwenyewe, na huyo si lazima awe aliona chochote, kwa hivyo nikabadilisha ikawa "una haki ya kuja na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi unayemchagua". Akaenda na jamaa wa shifti yake.

Walimfuta hata hivyo. Barua ya pili sikuandika "umesimamishwa", maana ami angengoja kuitwa tena, niliandika "umeachishwa kazi". Sasa rufaa, barua ni ya tarehe 3 lakini alipewa tarehe 6, na Kiingereza kilisema siku saba tangu kuipokea, mimi kwa haraka nikaandika "tangu tarehe ya barua", siku tatu zikapotea hivi hivi! Nimerekebisha, na "mwisho ni tarehe 13" nimeiandika pembeni kwa kalamu, kwa sababu hayo ni maneno yangu si ya mwajiri. Rufaa kaipeleka tarehe 11, nakala yake ikagongwa muhuri.