Kaka ameondolewa utumbo mpana kwa sababu ya vinyama: nani mwingine apimwe, na lini?

Binti Pangani: Wakuu shikamooni, naomba ushauri. Kaka yetu ana miaka 34. Mwezi uliopita ameondolewa utumbo mpana baada ya kolonoskopi, ile kamera ya utumbo mpana, kukuta vinyama mamia, kimoja kimeshakuwa saratani. Puru wameiacha. Baba alifariki na miaka 41 kwa "ugonjwa wa tumbo", hakuwahi kupimwa. Tumebaki mimi, miaka 29, na mdogo wetu wa kiume, 22. Kaka ana watoto wawili, 12 na 7. Hela tuliyochanga inatosha kipimo kimoja cha jeni. Nimepanga nipime mimi. Nikikutwa salama, tujue tatizo halimo kwenye ukoo. Niko sahihi?

Mzizi Mkavu: Pole dada. Kanuni ni kutoa miaka 10 kwenye umri aliogundulika ndugu. 34 toa 10 ni 24. Wewe umeshachelewa, mdogo wako amebakiza miaka miwili, watoto bado sana.

Kamera Ndefu: Mzizi, kanuni hiyo ipo, ila ni ya familia zenye saratani ya utumbo bila vinyama vingi. Mamia ya vinyama ni habari nyingine: hapo anayeshukiwa kwanza ni jeni la APC, na vinyama huanza utotoni au ujanani. Mtoto wa miaka 12 ameshafika umri wa kuanza. Mkimngojea afike 24, mnaweza kukuta saratani.

Binti, usianze na wewe. Ukipimwa ukakutwa huna hitilafu, hatutajua kama hukurithi au maabara imeshindwa kuiona iliyomo kwenu. Hela hiyo ni ya damu ya kaka. Mwombe daktari aandike jeni zipimwe APC na MUTYH, na maabara itafute pia vipande vikubwa vya jeni vilivyofutika, maana usomaji wa kawaida huvikosa. Majibu yatataja hitilafu kwa herufi na namba, mfano:

```
APC c.3927_3931del
```

Mstari huo mtunzeni. Ndugu wengine watatafutiwa huo tu, na kwa kawaida ni rahisi zaidi. Kama ni wa APC, kila mmoja wenu ana uwezekano wa nusu kwa nusu, na watoto wa kaka vilevile. Asiyenao anarudi kwenye uchunguzi wa watu wote. Lakini majibu yakisema maana ya hitilafu haijulikani, msimwondoe mtu kwenye kamera kwa karatasi hiyo.

Mpemba wa Mjini: Mimi nilitoka damu miezi mitatu, kumbe bawasiri. Kwa nini msianze na kipimo cha kinyesi? Ni rahisi.

Kamera Ndefu: Kwa familia hii hakifai, ndugu yangu. Vinyama vidogo huenda visitoe damu kabisa, kinyesi kikasomeka safi huku utumbo umejaa.

Binti Pangani: Ahsanteni. Na majibu ya kaka yakichelewa?

Kamera Ndefu: Wewe na mdogo wako msiyangoje, fanyeni kolonoskopi nzima sasa. Wa miaka 12 anaweza kuanza na kamera fupi ya puru na sehemu ya chini ya utumbo, kwa sababu ugonjwa ukiwa wa aina hii nzito, vinyama karibu kila mara huonekana huko. Ikiwa safi, arudiwe kila mwaka au miwili hadi jeni litoe jibu. Vikionekana, kolonoskopi nzima kila mwaka, na mazungumzo ya upasuaji yaanze. Wa miaka 7 asubiri hadi 10 au 12, isipokuwa akitoka damu au kuharisha kusikoisha.

Kaka naye hajamaliza. Puru iliyobaki iangaliwe kila miezi 6 hadi 12. Na utumbo mwembamba wa mwanzo, pale nyongo inapomwagikia, huota vinyama pia. Kwa umri wake alipaswa kuwa ameshaangaliwa. Ombeni kamera inayotazama pembeni. Ile ya kawaida hutazama mbele, na kitundu cha nyongo kimejificha ubavuni.

Nesi wa Kamera: Naongeza la maandalizi, hapo ndipo wengi huharibu. Dawa ya kusafisha ya lita 4 isinywewe yote jioni: nusu jioni, nusu alfajiri, mkimaliza kwa saa ambayo kitengo kimewaambia. Haja ya mwisho iwe maji ya njano angavu, kiasi cha kuona kitako cha sinki la choo. Ikiwa bado rangi ya chai, semeni kabla hamjalazwa kitandani. Kinyama cha milimita 3 hakionekani kwenye uchafu.

Mzizi Mkavu: Nimekubali ya mtoto. Ila Binti kuingizwa kamera sasa wakati jeni likijibu huenda asihitaji, mimi bado naona angengoja.

Kamera Ndefu: Kwa wa miaka 12 ningeweza kungoja wiki chache. Kwa wa 29, ambaye kaka yake ameshapata saratani, singengoja. Binti, ripoti ya maabara iliyochunguza utumbo wa kaka uliokatwa imeandika vinyama vingapi?

Binti Pangani: Imeandikwa "vingi" tu. Kesho naenda kuomba wavihesabu.