Mrejesho: wao hawanisikii, mimi nawasikia

Niliuliza: "Nikipiga simu nawasikia fresh ila wao hawanisikii, ni mtandao au simu?"

Wakuu, ni simu. Nilihamishia laini kwenye simu ya wife, pale pale sebuleni, nikasikika freshi, so mtandao nikautoa. Nikarudi kwenye yangu nikajirekodi na rekoda, sauti kama mtu yuko ndani ya gunia, ila nikiweka loudspika wananisikia, maana kwa simu yangu hapo inatumia maiki ya juu. Kumbe kale katundu ka chini pembeni ya chaji kamejaa vumbi la unga (nashinda mashineni). Nimesugua na mswaki mkavu, sindano sikuthubutu, inatoboa maiki. Tangu jana hakuna anayeniambia "haloo haloo".