Namba za bakodi: za bei poa mtandaoni, za GS1 Tanzania, au kuomba msamaha?

MamaNazi_Mbagala: Habari zenu wakuu. Natengeneza mafuta ya nazi kwa chapa yangu, chupa za mililita 250 na 500. Nataka kuyaweka Amazon, fomu inadai namba ya bakodi. Kuna jamaa mtandaoni anauza namba kwa bei ya soda, kuna GS1 Tanzania, ofisi rasmi ya kutoa namba hizi, wenye ada zao, na nasikia unaweza kuomba Amazon wakusamehe, uuze bila namba. Nani kapita njia ipi?

Kariakoo_Jumla: Chukua za bei poa. Mzigo wangu uko supamaketi mbili hapa mjini na kaunta inasoma vizuri. Hakikisha tu inaanza na 620, wajue imetengenezwa Tanzania.

LeboNaVifungashio: Kwa supamaketi uko sawa, mkuu. Kaunta inatafuta bei kwenye kompyuta yake, haijali namba ni ya nani. Hata ya kubuni itasoma. Chukua 620123456789: jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu na kuendelea kwa kuruka moja, unapata 26. Zilizobaki ni 27, mara 3 ni 81. Jumla 107, kufika 110 bado 3, basi ya mwisho ni 3: 6201234567893. Hesabu hiyo yeyote anaipiga.

Amazon wanauliza jingine: namba hii imesajiliwa kwa nani? Wanailinganisha na kanzidata ya GS1, na jina lisipoendana na chapa yako, wanaweza kuikataa. Wauzaji wote wa bidhaa moja hukusanywa ukurasa mmoja kwa namba hiyo, kwa hiyo namba ya mtu mwingine inaweza kupeleka mafuta yako kwenye ukurasa wa kitu kingine kabisa. Kabla ya kulipa, iingize kwenye tovuti ya Verified by GS1 usome jina la kampuni. Na 620 inaonyesha ofisi iliyotoa namba tu, kiwanda kinaweza kuwa Uchina.

Juma_Tabata: Hizi si ndizo stempu za TRA?

LeboNaVifungashio: Hapana, zile ni za kodi.

BintiTemeke: Mimi nauza losheni za chapa ya nje, nazichukua Kariakoo. Na mimi ninunue namba?

LeboNaVifungashio: Usinunue, dada. Tumia iliyochapwa kiwandani. Ila tunza risiti, wanaweza kudai uthibitisho wa ulikonunua.

MamaNazi_Mbagala: Na huo msamaha?

LeboNaVifungashio: Upo. Unatuma picha halisi za chupa na kifungashio, jina la chapa likiwa limechapwa. Wanatoa kwa chapa na kundi la bidhaa, na haukusaidii nje ya Amazon. Ukienda GS1, kumbuka kila ujazo unataka namba yake: 250 moja, 500 nyingine.

Kariakoo_Jumla: Kwa chupa mbili tu, ada ya kila mwaka inalipa kweli? Mimi ningeanza na msamaha.

LeboNaVifungashio: Kama hauzi supamaketi, sawa. Akiuza, atachapa lebo upya.

MamaNazi_Mbagala: Supamaketi moja ya Mikocheni imeshaomba sampuli. Kesho nazuia lebo kwa mchapaji kwanza, nikaulize ada.