Dhahabu inapanda, hisa zangu za mgodi zinashuka. Niuze au niongeze?

Mwanambuga: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi umeniruka. Nina hisa za kampuni ya dhahabu. Kila nikisikia bei ya dhahabu imepanda nafurahi, nikifungua akaunti nakuta nimeshuka. Kuna nini?

BabuKaratu: Subira tu. Hisa hufuata dhahabu, ila huchelewa.

Mama Sele: Mimi nilinunua bangili, naivaa na bei inapanda. Hayo makaratasi ya nini, mwanangu?

Mpimaji: Babu, si lazima zifuate. Ukinunua hisa unanunua faida ya kampuni. Tuseme kutoa wakia moja kunagharimu dola 1,500, na inauzwa 2,000: inabaki 500. Bei ikifika 2,200, imepanda asilimia 10 tu, lakini faida imekuwa 700, ongezeko la asilimia 40. Sasa tuseme dizeli na mishahara vinapanda, gharama zinafika 1,800. Bei ni ileile 2,200, faida imerudi 400, chini ya ulipoanzia.

Halafu kuna hatari ya mahali. Machi 2017 serikali yetu ya Tanzania ilizuia makinikia, yaani mchanga wa madini, kusafirishwa nje. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ya kampuni ya Acacia ilitegemea kuyauza, na Julai likaja dai la kodi, faini na riba la dola bilioni 190. Dhahabu ilimaliza mwaka ikiwa juu kuliko ilivyoanza. Hisa za Acacia zikaporomoka.

Mwanambuga, kampuni yako inachimba wapi, na inatumia kiasi gani kwa wakia?

Mwanambuga: Ina eneo zuri sana, mkuu.

Mpimaji: Sijauliza uzuri. Imeshauza wakia ngapi?

Mwanambuga: Bado haijaanza kuchimba. Inachoronga utafiti. Ila sampuli zimetoka vizuri, na nimeshaomba mkopo wa SACCOS niongeze wakati bei iko chini.

Mpimaji: Ungeanza na hilo. Isiyouza dhahabu haina mapato. Kuchoronga inalipia kwa kutoa hisa mpya. Linganisha idadi ya hisa kwenye ripoti ya mwaka juzi na ya sasa. Kama imeongezeka maradufu, sehemu yako imebaki nusu, hata dhahabu ipande vipi.

Mwanambuga: Lakini wakipata mgodi mkubwa, wa kwanza ndio hufaidi.

BabuKaratu: Mkopo wa kununulia hisa! Watoto watakula sampuli?

Kikokotoo: Subirini. Acacia ilinunuliwa yote na Barrick 2019 ikatoka sokoni. Mwanambuga hisa za kampuni ya utafiti kazinunua soko gani? Hii hadithi katunga, au anatutafutia wanunuzi.

Mwanambuga: Sijatunga. Shemeji yuko Toronto, zimeandikwa kwa jina lake.

Mama Sele: Kwa jina lake?

Mpimaji: Una maandishi yoyote kati yenu?

Mwanambuga: Ni shemeji yangu, mkuu. Hiyo ripoti ya mwaka juzi naipata wapi?

Mpimaji: Tovuti ya kampuni, sehemu ya wawekezaji. Na mkopo usiusaini kabla hujaisoma.