Tupeane uzoefu: maneno mliyoyaondoa kwenye habari za korosho

Mhariri wa Zamu, Mtwara: Msimu wa minada ukianza, napokea sentensi kama hii: "Pementi za wakulima Tandahimba bado ziko prosesi, wengi wanadai wamepigwa."

"Pementi" ni malipo, hapo hakuna kazi. "Wamepigwa" ni hatari, maana msomaji wa Bukoba ataona virungu. Nilimuuliza mwandishi wamepigwaje, akasema ni kilo. Ikawa "wanadai kupunjwa kilo kwenye mizani".

Kazi ilikuwa "ziko prosesi". Ukiandika "yanashughulikiwa" umebadili neno tu, na nani amekwamisha bado hajulikani. Fedha hutoka kwa mnunuzi, hupitia ushirika, ndipo ziingie akaunti ya mkulima. Nikamrudisha mwandishi akaulize. Kumbe wanunuzi walishalipa. Tukachapa: "Wanunuzi wamelipa, lakini fedha hazijawafikia wakulima kwa sababu namba za akaunti zilikosewa kwenye orodha." Wenzangu mmekutana na yapi?

Mwana Newala: Mimi nafuta kila neno la kigeni. Hata salfa naandika kiberiti.

Bibi Shamba, Nachingwea: Mwanangu, kiberiti tunawashia moto. Mikorosho tunapulizia salfa, ubwiriunga usiharibu maua. Ukiniandikia nipulizie kiberiti, hiyo habari naiweka kando.

Mhariri wa Zamu: Bibi yuko sahihi. Salfa imeshakuwa Kiswahili cha shambani, na AMCOS vilevile, ingawa mara ya kwanza naandika "chama cha msingi cha ushirika (AMCOS)". Kiberiti kwa maana ya salfa kimo kwenye kamusi, Mwana Newala hajakosea hapo, ila mkulima hakitumii hivyo.

Kijana wa Mtama: Samahani wakubwa, hizo akaunti zilizokosewa zinarekebishwa wapi? Mimi ya kwangu haijaingia mpaka leo.

Bibi Shamba, Nachingwea: Nenda kwenye AMCOS ulikopimia, baba, na stakabadhi yako mkononi.

Mtangazaji, Lindi: Kwangu mzigo ni "kangomba". Huku kila mtu anaijua, Dodoma wanaweza kudhani ni jina la kijiji. Kuifuta sitaki, maana "biashara haramu" inaweza kuwa hata bangi. Nasema: "kangomba, yaani kununua korosho kwa wakulima kinyemela, nje ya mnada, kwa bei ya chini". Baada ya hapo nasema kangomba tu.

Ila nina swali. Mkulima akisema mwenyewe kwenye kinasa sauti "tumepigwa", unamsafisha?

Mhariri wa Zamu: Simgusi. Alama za kunukuu zikishafunguka, maneno ni yake. Naweka maelezo kwenye sentensi inayotangulia.

Mtangazaji, Lindi: Gazetini sawa. Redioni hakuna alama za kunukuu, na msikilizaji akifungua katikati ameshaikosa hiyo sentensi yako. Mimi naiondoa sauti yake, naeleza mwenyewe kwa maneno yangu.

Bibi Shamba, Nachingwea: Mimi sauti yangu msiniondolee.