Kikundi cha ukoo: Rehema na kipindi cha kwanza

Shangazi: Jamani habari za jioni, someni hadi mwisho msiweke dole gumba mkapita. Leo nimeenda shuleni kwa Rehema, mwalimu kanitolea karatasi za mtihani. Sayansi 78, Kiswahili 81, Hisabati 19. Kumi na tisa!!

Binamu: Hesabu ni ugonjwa wa ukoo shangazi, mi mwenyewe nilipata 11 😂😂

Ba Mdogo: 😂😂😂

Shangazi: Sitanii. Nikaomba ratiba. Hisabati ni kipindi cha kwanza siku zote tano, kinaanza saa moja na nusu kinaisha saa mbili na dakika kumi. Rehema anafika saa mbili na robo. Yaani toka muhula uanze hajafundishwa hesabu za sehemu hata siku moja halafu tunasema mtoto hana kichwa. Ananakili daftari la rafiki yake, majibu anayo, njia hana.

Ba Mkubwa: Kisima si pale bondeni tu? Dakika kumi hizo.

Shangazi: Kile kilishakauka kaka. Sasa ni kile cha mbali, kilomita 3. Anatoka saa kumi na moja kasorobo, saa nzima njiani, nusu saa foleni, kurudi na dumu la lita 20 kichwani saa na robo maana lazima apumzike. Anafika nyumbani saa moja na nusu, anaoga, anavaa, halafu dakika 40 tena hadi shule.

Ba Mkubwa: Basi aamke saa tisa. Sisi tuliamka.

Dada: Samahani nimesoma juu juu, Rehema anaumwa kichwa? Nimtumie dawa?

Shangazi: SOMA JUU.

Mjomba Fundi: Shemeji kuamka saa tisa hakusaidii. Chemchemi ya pale ni ndogo, maji yanajikusanya taratibu usiku, wa kwanza wanakikausha, wanaofuata wanakaa wanachota kwa kata maji ya tope. Kila mtu akiamka mapema foleni nayo inaamka mapema. Na giza lile kwa mtoto wa kike peke yake mimi sikubali. Kwenye kazi yetu maji yanahesabiwa ya karibu kama kwenda, foleni na kurudi havizidi nusu saa. Yeye ni saa 2 na dakika 45. Na lita 20 ni kilo 20, mtoto mwenyewe ana kilo 35 hivi.

Shangazi: Sasa tufanyeje? Ongea.

Mjomba Fundi: Pipa la lita 200 na baiskeli. Baiskeli inabeba madumu matatu, lita 60, safari nne za Jumamosi pipa limejaa. Nyumba ya watu wanne sasa wanabana dumu moja kwa siku kwa vile shingo ya mtoto ndo mwisho wake hapo. Hata wakitumia mawili, pipa linafika siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Ila lisiwe pipa lililobeba dawa au mafuta, lifunikwe, na wachote kwa kata yenye mpini, wasitumbukize mikono.

Shangazi: Safi. Baiskeli ya marehemu babu iko kwa nani?

Shangazi: Naona mmesoma wote.

Shangazi: Ba Mdogo?

Ba Mdogo: Nilijua mtafika hapo. Kwanza tuambiwe mchango wa tanki ulienda wapi, hapo ndo na mimi nitajibu ya baiskeli.

Ba Mkubwa: Usinianze.

Binamu: Leteni viti 🍿

Mama Rehema: Nimeona sasa hivi, simu haikuwa na chaji. Mguu wangu bado haubebi, mnajua. Kaka yake nimemwambia mara ngapi, anasema maji ni kazi ya wasichana. Ana miaka 16. Juzi Rehema kasinzia kipindi cha nne, wenzake wakacheka, karudi hajala.

Binamu: Pole mama, nafuta ile ya bisi.

Binamu: Bibi yuko hapa nimemsomea yote. Anasema niandike kama alivyosema. "Nilichota maji nikiwa sijafika umri wa Rehema na sijui kusoma jina langu mpaka leo. Huyu mvulana atabeba. Baiskeli ni ya baba yenu, si ya mtu. Ya tanki nitayauliza mimi, ana kwa ana."

Ba Mkubwa: Tumesikia mama.

Ba Mdogo: Tumesikia. Ila tairi la nyuma halina mpira wa ndani.

Mjomba Fundi: Mpira nnao, niletee hiyo baiskeli Ijumaa.

Shangazi: Na pipa? Nani ana pipa?

Shangazi: Jamani pipa.

Mama Rehema: Leo Jumatano. Kesho je? Ameshaweka dumu mlangoni.